Kuondoa maskara na wanja usiotoka kwa maji: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wateja wa saluni hapa Sinza, wengi wao wakiwa wametoka kwenye kichen pati, sendofu au harusi, na wengine ni wafanyakazi wa ofisini ambao jasho la Dar limewalazimisha kuacha maskara ya kawaida. Tumeyapanga kwa kufuata jinsi yanavyoulizwa. Hatukujali kama yamekaa kitaalamu. Majibu yanahusu macho tu. Faundesheni na midomo ni habari nyingine, na kwa kweli ni nyepesi zaidi.

Dada, nimeoga na nimenawa kwa sabuni mara mbili, bado maskara iko palepale. Kwa nini?

Kwa sababu imetengenezwa ili isitoke hivyo. Maskara ya kawaida ni nta na rangi vilivyochanganywa na maji, kwa hiyo maji yakirudi usoni hukuta ndugu yao na kuilegeza. Maskara isiyotoka kwa maji haina maji, au inayo kidogo sana. Ndani yake kuna nta, mara nyingi ya nyuki au ya mti wa karnauba, kuna rangi nyeusi ya oksidi ya chuma, na kuna polima zinazotengeneza utando unaonata kwenye kope. Vyote hivyo vimeyeyushwa katika kimiminika chepesi kinachopaa haraka, kama isododekani. Ukishapaka, kimiminika kinapaa ndani ya dakika chache na kinachobaki ni ganda kavu lililoshika kope moja moja.

Jasho, machozi na maji ya bomba hayana uwezo wa kuliyeyusha ganda hilo. Sabuni nayo hulikwaruza kwa juu tu. Mafuta ndiyo yanayoingia kwenye nta na kuilegeza, na hata hayo yanahitaji muda. Hapo ndipo penye siri ya jambo zima: jicho haliumizwi sana na maskara yenyewe, linaumizwa na kusugua kwa mtu asiyetaka kusubiri nusu dakika.

Kuna aina moja isiyofuata kanuni hii. Zipo maskara zinazofunika kila kope kwa kijimrija chembamba cha polima, nazo hutoka kwa maji ya uvuguvugu bila mafuta. Utaitambua ukinawa: badala ya kuchafua uso kwa weusi, inatoka vipande vidogo vyembamba kama nyuzi. Kama yako ni hiyo, hayo mengine hapa chini hayakuhusu sana.

Basi kati ya maji ya miseli, mafuta ya kusafishia na waipsi, nichukue kipi?

Kwa maskara na wanja usiotoka kwa maji, chukua mafuta ya kusafishia uso, yale yanayogeuka meupe kama maziwa yakikutana na maji. Kama hupendi mafuta usoni, chukua chupa ya tabaka mbili, yaani ile yenye mafuta juu na maji chini ambayo hutikiswa kabla ya kutumia. Maji ya miseli ya kawaida yanashika nafasi ya tatu: yanafanya kazi, lakini utatumia pamba nyingi na subira nyingi. Waipsi tunaziweka mwisho, na hatuzipendekezi kwa macho ila mtu akiwa hana njia nyingine.

Mpangilio huu si wa usafi wa ngozi kwa jumla. Kwa mtu aliyepaka poda na maskara ya kawaida, maji ya miseli yanatosha kabisa. Hapa tunapima vitu viwili tu: dawa inakulazimisha usugue kiasi gani, na ikimaliza kazi inaacha nini kwenye ukingo wa jicho.

Ukingo huo unahitaji heshima. Ngozi ya kope za macho ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, kama nusu milimita. Nyuma kidogo ya pale vinyweleo vinapoota kuna mstari wa vitundu vidogo sana, ishirini na kitu hadi arobaini kwa kila kope ya jicho, vinavyotoa mafuta ya asili yanayozuia machozi yasikauke. Nta na rangi zikiachwa hapo usiku baada ya usiku, vitundu vinaziba. Mtu anaanza kulalamika macho makavu, yanawasha, au anaota chokea kila mara, na anadhani amelogwa na vumbi la Mandela Road.

Maji ya miseli yanaonekana kama maji tu. Yanaondoaje vipodozi?

Ni maji yenye kiasi kidogo cha viambata vya kusafishia ambavyo ni laini kuliko vya sabuni. Kila chembe ya kiambata ina upande mmoja unaopenda maji na upande mwingine unaopenda mafuta. Zikiwa nyingi ndani ya maji, chembe hizo hujikusanya katika viduara vidogo visivyoonekana kwa macho, pande za mafuta zikiwa ndani na pande za maji zikiwa nje. Viduara hivyo ndivyo miseli. Vikigusa uchafu wenye mafuta huuvuta ndani yao, na pamba inauchukua.

Tatizo ni uwezo. Miseli hubeba poda, jasho, mafuta ya uso na maskara ya kawaida vizuri. Ganda la nta na polima ni zito kwao, hulila kidogo kidogo kutoka nje. Ndiyo maana unapotumia maji ya miseli kwa maskara ngumu, pamba ya kwanza inatoka na rangi ya kijivu, ya pili nyeusi, ya tatu bado nyeusi, na ukifika ya nne mkono umeshaanza kukasirika. Ukiwa nayo hayo tu, iache pamba iliyolowa juu ya jicho lililofumbwa kwa sekunde 30 hadi 40 kabla ya kuivuta, na rudia kwa pamba mpya. Usifupishe kusubiri halafu ukaongeza nguvu.

Jambo la pili: chupa nyingi zimeandikwa kwamba huhitaji kunawa baadaye. Sisi tunasema nawa. Vile viambata vikibaki kwenye kope vinaendelea kuvuta mafuta, sasa ya ngozi yako na ya machozi yako, pamoja na rangi iliyokwisha kuyeyushwa na kuachwa pale. Wateja wanaosema maji ya miseli yanawachoma macho asubuhi, wengi wao hawakunawa.

Na ile chupa yenye rangi mbili?

Juu kuna tabaka la mafuta mepesi, mara nyingi yale yale ya jamii ya kimiminika kilichotumika kutengeneza maskara yenyewe. Chini kuna maji yenye chumvi kidogo na viambata. Ukitikisa, vinachanganyika kwa muda mfupi, halafu vinaachana tena. Kwa hiyo utikise kila mara, na si mara moja tu mwanzoni mwa usiku: pamba ya kwanza, tikisa; pamba ya pili, tikisa tena. Ukiona tabaka moja limekwisha na jingine bado lipo jingi, ujue ulikuwa unamimina bila kutikisa.

Ni chaguo zuri kwa macho tu. Huacha utelezi kidogo ambao hutoka kwa kunawa na kisafishio laini cha uso.

Mafuta ya kusafishia hayataniletea chunusi? Na nayatumiaje?

Tofauti kati ya mafuta ya kusafishia na mafuta ya kupaka ni kiunganishi kilichomo, yaani kitu kinachofanya mafuta yakubali kuondoka na maji. Bila hicho mafuta yanabaki usoni. Kikiwepo, ukiongeza maji mchanganyiko unageuka mweupe, unakuwa mwepesi na unasuuzika. Mtu akinawa vizuri, hakuna mafuta mengi yanayobaki ya kumsumbua. Wanaopata vipele, mara nyingi waliruka hatua ya kugeuza maziwa: walipaka, wakafuta kwa taulo, wakalala.

Matumizi yake yanaenda kinyume na mazoea yetu ya kulowesha uso kwanza. Mikono ikauke na uso ukauke. Kama umetoka nje na uso unatiririka jasho, gonga gonga kwa tishu hadi ukauke, maana hata jasho linatosha kukiamsha kiunganishi kabla mafuta hayajaingia kwenye nta, na hapo dawa inapoteza nguvu yake nusu. Weka pampu moja au mbili viganjani, fumba macho, pakaza juu ya kope kwa ncha za vidole, ukishuka kutoka juu kwenda chini kufuata zinavyoota. Acha nusu dakika. Utahisi kope zinatelezana, hazishikani tena. Hapo ndipo uloweshe vidole kwa maji kidogo, endelea kuzungusha polepole hadi uone weupe, kisha suuza mara mbili au tatu kwa maji mengi.

Zipo pia za kopo, ngumu kama samli, zinazoyeyuka kiganjani. Kanuni ni hiyo hiyo, ila chota kwa kijiko kidogo safi. Vidole vinavyoingia na kutoka kwenye kopo vinapanda vijidudu humo.

Nyumbani nina mafuta ya nazi na Vaseline. Nihangaike kununua ya nini?

Vyote viwili vinalegeza nta, hilo hatukatai, na bibi zetu walitolea wanja kwa mafuta ya nazi miaka mingi. Shida ni kuviondoa vyenyewe baadaye, kwa kuwa havina kiunganishi. Kidogo kikiingia jichoni unaona ukungu, kikibaki kwenye ukingo kinaziba vile vitundu tulivyovitaja. Mafuta ya nazi pia huwaletea baadhi ya watu vipele vidogo vyeupe kuzunguka macho.

Ukiamua kuyatumia, tumia tone mbili tu kwa kila jicho, kwenye pamba, na usimimine usoni. Yakishalegeza maskara, pitisha pamba yenye maji ya miseli, kisha nawa kwa kisafishio laini. Yaani hapa maji ya miseli yanafanya kazi yanayoiweza: kubeba mafuta ambayo tayari yameshamaliza kazi ngumu. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani au ya chupa ya maji iliyojazwa mtaani, yanuse kwanza. Yakinuka kuchacha, yapeleke jikoni au yamwage. Jicho si mahali pake. Na kopo la Vaseline linalotumiwa na nyumba nzima kwa visigino lisikaribie kope zako.

Waipsi zina ubaya gani? Mbona zinatoa hadi kitambaa kinageuka cheusi?

Zinatoa, ndiyo, kwa sababu wewe ndiye unayesugua. Waipsi ina unyevu mdogo, kwa hiyo haiwezi kuloweka ganda la maskara. Inachukua kilicho juu na kueneza kilichobaki hadi kwenye mashavu. Mtu akiona bado kuna weusi anaongeza nguvu, na kitambaa chenyewe kina nyuzi ngumu kuliko pamba. Ngozi ya nusu milimita inavutwa kushoto kulia mara kumi na tano, kila usiku.

Halafu kuna kinachobaki. Ili kitambaa kilicholowa kikae miezi ndani ya pakiti bila kuota ukungu lazima kiwe na vihifadhi, na nyingi zina manukato, nyingine pombe. Baada ya kufuta hakuna anayenawa, kwani alinunua waipsi ili asinawe. Kwa hiyo vihifadhi, manukato, viambata na weusi ulioyeyuka vyote vinalala na mtu. Kope za macho zikianza kuwasha, kuwa kavu na kupauka kama magamba wiki chache baada ya kuhamia aina fulani ya waipsi, mshukiwa wa kwanza ni hiyo hiyo.

Waipsi za watoto ni laini zaidi kwa ngozi lakini hazikutengenezwa kuyeyusha nta, kwa hiyo zinakusuguisha hata zaidi.

Tunazikubali lini? Ukiwa kwenye basi la usiku, au maji yamekatika na huna hata chupa ya kunywa ya kunawia. Hapo ikunje mara mbili, ibandike juu ya jicho lililofumbwa, hesabu hadi arobaini, kisha ishushe taratibu mara moja. Geuza upande safi, rudia. Kilichogoma kiache, utakimalizia ukifika kwenye maji.

Nielekeze basi usiku mzima wa harusi, tangu kuingia ndani hadi kulala.

Tumchukue mpambe wa bibi harusi aliyerudi Tabata saa nane usiku kutoka ukumbini Mikocheni. Ana maskara isiyotoka kwa maji, wanja wa maji uliochorwa mkia, kope za bandia za utepe, na lenzi za rangi. Anayo mafuta ya kusafishia, maji ya miseli, pamba bapa, vijiti vya pamba na ndoo ya maji. Amechoka. Kazi yote itamchukua kama dakika kumi.

Ananawa mikono kwa sabuni na kuikausha kabisa. Kisha anatoa lenzi, kabla ya kitu kingine chochote. Mafuta yakishaingia kwenye lenzi hayatoki vizuri, na lenzi iliyoshika mafuta inaleta ukungu na kukwaruza jicho. Za matumizi ya siku moja anatupa. Za mwezi anaziweka kwenye dawa yake mpya, kamwe si kwenye maji ya bomba wala ya ndoo, kwa kuwa maji hayo yanaweza kuwa na vimelea vinavyoweza kuharibu jicho kabisa.

Zamu ya kope za bandia. Analowesha kijiti cha pamba kwa mafuta ya kusafishia, anakipitisha juu ya utepe pale gundi ilipo, anasubiri nusu dakika, kisha anaanza kuinua kutoka kona ya nje kuelekea puani. Ikigoma anaongeza mafuta. Akivuta kwa nguvu, kope zake mwenyewe zitatoka na utepe, na ndiyo njia maarufu ya wanawake wengi kubaki na mapengo baada ya msimu wa harusi.

Sasa anakausha jasho kwa tishu na kupaka mafuta, pampu mbili, kwa macho yote mawili yaliyofumbwa. Anahesabu nusu dakika. Ni sawa na kuloweka sufuria yenye ukoko kabla ya kuisugua: anayeanza na steli wuli anachubua sufuria. Anasogeza vidole kutoka juu kwenda chini, hasa kwenye mzizi wa kope, halafu kwenye mkia wa wanja ambao mara nyingi ndio unaoshika kuliko vyote. Weusi unaenea hadi mashavuni na anafanana na fisi maji. Hilo ni dalili nzuri, maana yake ganda limevunjika. Analowesha vidole, anageuza maziwa, anasuuza.

Akijitazama kwenye kioo ataona bado kuna mstari mwembamba mweusi kwenye mizizi ya kope. Huo hauondolewi kwa kurudia mafuta usoni kote. Analowesha kijiti cha pamba kwa maji ya miseli, anafumba jicho, anakiviringisha kando ya mizizi kutoka puani kwenda nje, mara moja kila upande wa kijiti. Kijiti kimoja kwa jicho moja. Haingizi ndani ya ukingo.

Mwisho ananawa uso kwa kisafishio laini na maji, anajikausha kwa kugonga gonga na taulo lake mwenyewe. Hapaki krimu nzito ya usiku karibu na mizizi ya kope. Hiyo husafiri hadi jichoni mtu akilala.

Jaribio la kujua kama imetoka: chukua pamba bapa nyeupe, iloweshe kwa maji, ibandike juu ya kope zilizofumbwa sekunde kumi bila kusugua. Ikitoka na kijivu hafifu, sawa. Ikitoka na alama nyeusi zenye umbo la kope, bado kuna kazi.

Kwetu maji ni ya kisima, yana chumvi, hata sabuni haitoi povu. Mafuta ya kusafishia yatafanya kazi?

Yatafanya. Swali hili tunaulizwa sana na watu wanaotegemea visima, na jibu lake huwashangaza. Sabuni ya kipande ikikutana na madini ya maji magumu hutengeneza utando unaonata badala ya povu, na utando huo huo ndio unaoacha kope zikiwa ngumu. Viunganishi vinavyotumika katika mafuta mengi ya kusafishia ni vya aina nyingine ambayo haiathiriwi sana na madini hayo. Utaona maziwa yakitokea kama kawaida, pengine ukahitaji kusuuza mara moja zaidi.

Kinachobadilika ni suuzo la mwisho. Maji ya chumvi yakikauka kwenye kope zenye ngozi kavu huwasha. Weka kando kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na kupoa, au ya chupa, umalizie nacho macho. Ndoo iliyokaa wazi siku mbili usiitumie kwa macho, ya kisima au ya DAWASA.

Nimemaliza, sasa naona ukungu. Nimeharibu macho?

Kama ni ukungu bila maumivu, ni tabaka la mafuta limetanda juu ya machozi. Pepesa macho, suuza kwa maji safi huku ukiyafumbua na kuyafumba, na ndani ya dakika chache utaona sawasawa. Yakichoma kwa sababu ya manukato au pombe, suuza kwa maji safi yanayotiririka taratibu kwa dakika kumi na tano, na dawa hiyo usiirudie.

Dalili ambazo hazisubiri ni maumivu makali, jicho kushindwa kuvumilia mwanga, kuona vibaya kunakoendelea baada ya kusuuza, usaha, au hisia ya mchanga isiyoisha hadi kesho yake, hasa kwa mvaaji wa lenzi. Huyo aende hospitali yenye kitengo cha macho, kama CCBRT Msasani au Muhimbili, na asinunue matone dukani kwa kubahatisha. Matone yenye steroidi yanayouzwa kama dawa ya macho mekundu yanaweza kuuzidisha ugonjwa ambao hayakulengwa kuutibu.

Wanja wa ndani ya jicho nautoaje?

Usiufuate kwa kijiti. Safisha nje kama tulivyoeleza, pepesa macho, na machozi yataleta uliobaki kwenye kona ya ndani. Asubuhi uufute hapo kwa pamba yenye maji. Kama kila usiku unabaki mwingi, jibu ni kuacha kupaka ndani, maana hapo unapaka juu ya vitundu vyenyewe. Wanja wa unga usiojulikana ulikotengenezwa una hatari nyingine: baadhi hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi, sumu isiyotolewa kwa dawa yoyote ya kusafishia. Usimpake mtoto.

Nimebandika kope moja moja saluni. Hayo mafuta hayaruhusiwi, eti?

Mafuta yanaweza kulegeza gundi yake mapema, ndiyo maana wabandikaji wengi wanayakataza. Tumia maji ya miseli yasiyo na mafuta, kwa kijiti na si kwa pamba bapa inayonasa kope. Lakini tukubaliane: mtu mwenye kope hizo hana sababu ya kupaka maskara isiyotoka kwa maji juu yake. Haitatoka bila mafuta, na mafuta hayatakiwi. Umejifungia chumbani na ufunguo uko nje. Kuacha kuzisafisha kabisa kwa kuogopa zisidondoke ni kubaya zaidi, kwa kuwa uchafu unajikusanya kwenye mizizi na ukingo wa jicho unavimba.

Kipi ni rahisi mfukoni?

Fanya hesabu kwa usiku mmoja badala ya kutazama bei ya chupa. Kwa maskara isiyotoka kwa maji, maji ya miseli yatakula pamba tano au sita, kila moja ikinywa kama mililita 2 hadi 3, jumla karibu mililita 15. Chupa ya mililita 400 inakwisha kwa usiku 26 hivi, bila kuhesabu pamba. Mafuta ya kusafishia, pampu mbili ni kama mililita 2 na nusu, kwa hiyo chupa ya mililita 150 inafika usiku 60. Pakiti ya waipsi 25, ukitumia tatu kila usiku, inatosha usiku nane tu. Mwenye kupaka maskara ngumu mara moja kwa mwezi anaweza kupuuza hesabu hii. Anayepaka kila siku ya kazi aende nayo Kariakoo.

Nikiwa Kariakoo nitajuaje kama chupa ni salama?

Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, ambayo kabla ya hapo haikuwa na kazi hiyo. Ilikuwa ya TFDA. Tafuta orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na jina la aliyetengeneza. Funiko liwe halijafunguliwa. Chupa iliyokaa juani mbele ya kibanda mchana kutwa iache, hata ukipunguziwa bei, kwa kuwa joto huharibu vihifadhi na kuchachisha mafuta. Na ukikuta mchoro wa kikopo kilichofunguliwa chenye 6M au 12M, hiyo ni idadi ya miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Andika tarehe kwa kalamu chini ya chupa. Maskara yenyewe ni ya miezi mitatu hadi sita, hata kama bado ipo.

Tunaweza kutumia chupa moja na dada yangu?

Chupa ya kumimina, ndiyo, mdomo wake usipoguswa na pamba. Kopo la kuchota, hapana. Maskara, hapana kabisa. Waliokuwepo Dar Januari 2024 wanakumbuka macho mekundu yalivyopita nyumba kwa nyumba. Jicho likiwa jekundu, acha vipodozi vyote vya macho hadi lipone, na maskara uliyokuwa ukiitumia siku ulizoanza kuumwa itupe.

Pamba na waipsi zilizotumika nizitupe wapi?

Kwenye pipa la taka. Waipsi nyingi zina nyuzi za plastiki, hazilainiki majini kama tishu ya chooni. Zikiingia chooni zinaziba bomba au kujaza shimo mapema, na zikitupwa mtaroni zitakutana nawe mvua za masika.